Chewa kachemshwa muda wa saa mbili na bado kalaza watu sita: hii siguatera moto haiiwezi?

#1 MgebukaMkavu
Wakuu salama? Niko Kigoma, Mwanga. Kaka yangu mkubwa ni baharia kwenye meli ya uvuvi huko Bahari ya Hindi. Amerudi nyumbani wiki ya tatu sasa, anaumwa ugonjwa ambao hapa mtaani hatujawahi kuusikia.

Walivua chewa wa kilo 9 kwa mshipi kwenye miamba ya Saya de Malha, kule kati ya Shelisheli na Morisi. Alikuwa mzima, anarukaruka. Mpishi akamkata, akamchemsha kwa muda wa saa mbili, halafu akamuunga na tui la nazi. Wakala saa 1 usiku, watu sita. Kufika saa 6 usiku wote wanatapika na kuhara. Kesho yake tumbo likatulia, ila midomo na vidole vikaanza kuchonyota, magoti hayana nguvu, meno anahisi kama yanataka kung'oka. Na hapa ndipo pa ajabu: akishika maji ya baridi anasema yanamuunguza. Juzi mama kampa soda ya kwenye friji akaitupa chini kama ameshika kaa la moto.

Daktari wa bandarini kwao aliandika "siguatera", sumu ya samaki wa miambani. Hilo sina shida nalo. Shida yangu ni moja. Bibi yetu hapa anauliza: sisi mihogo michungu tunaitoa sumu tangu enzi na enzi, samaki gani huyo anachemka hivyo na sumu haifi? Nimekosa jibu. Mama yeye kashahitimisha kwamba karogwa.

#2 BintiUjiji
Pole kwa kaka. Ila mwambie aache kuchezea samaki wa chumvi, mgebuka wa Tanganyika hajawahi kumuunguzia mtu soda 😂

#3 Barafu_Kwanza
Hapo hakuna miujiza. Samaki alikaa bila barafu akaanza kuharibika. Bakteria wakatengeneza histamini kwenye nyama, na histamini haiondoki kwa kupika. Nimefanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, hili nalijua vizuri. Tatizo ni utunzaji.

#4 MgebukaMkavu
#3 mkuu, alivuliwa saa 10 jioni, saa 11 yuko sufuriani. Barafu ya nini tena?

#5 NesiWaZamu
#3 uko sahihi kwamba histamini haiondoki kwa kupika, ila dalili hazifanani. Histamini haichelewi. Unakula, ndani ya dakika chache hadi saa moja uso mwekundu, kichwa kinagonga, ngozi inatoka mapele, na mara nyingi kesho yake umepona. Tena huwa ni jodari, nguru, dagaa, samaki wa namna hiyo. Chewa hayumo kwenye orodha. Na haigeuzi baridi kuwa moto. Mtu wa wiki tatu anayeungua na soda ya friji, hiyo siyo histamini.

#6 Mzee_wa_Gombe
Je, si bunju huyo? Bunju hata huku ziwani wapo, na wanaua.

#7 NesiWaZamu
Mzee shikamoo. Bunju hufanya midomo ife ganzi, kisha mwili unalegea mpaka pumzi inashindwa. Mambo yake yanaisha haraka, ama upone ama ufe. Na baharia hawezi kuchanganya bunju na chewa wa kilo 9.

#8 Mzee_wa_Gombe
Marahaba. Nimekubali.

#9 MwalimuKasulu
Nafundisha kemia. Swali la bibi ni zuri kuliko majibu yote hapo juu, naomba nianze nalo.

Tunaposema "moto umeua sumu" tunachanganya vitu viwili. Moto unaua kilicho hai, yaani bakteria na minyoo. Sumu haina uhai, kwa hiyo haiuawi. Ama ivunjwe, ama iondoke.

Muhogo mchungu unaponywa kwa njia zote mbili. Ukiuloweka siku tatu unalainika, na kimeng'enya kilichomo ndani ya muhogo wenyewe kinaivunja ile sumu na kutoa sianidi. Sianidi inayeyuka majini na inaruka hewani kirahisi, hata joto la jua linatosha. Maji yanamwagwa, makopa yanaanikwa, nyingine inapotea na upepo. Bibi hakuitoa sumu kwa moto. Aliitoa kwa maji, muda na jua. Moto ulikuja mwishoni kusonga ugali.

Sasa sumu ya huyu chewa: haiyeyuki majini, inashikamana na mafuta. Hairuki hewani, maana ni molekuli kubwa na nzito. Na ndani ya samaki hakuna kimeng'enya cha kuivunjavunja namna ile. Njia zote tatu za bibi zimefungwa.

#10 Fundi_Mkaa
Mwalimu umeeleza vizuri, lakini moto ni moto. Chuma kinayeyuka, itakuwa sumu? Wangemkaanga mpaka awe mkavu kabisa ingekufa. Kuchemsha ni joto dogo.

#11 MwalimuKasulu
#10 ngoja. Mafuta ya kukaangia yanafika nyuzi 180, kweli. Lakini hizo 180 ziko nje kwenye ganda. Ndani ya mnofu, maadamu kuna unyevu, joto haliwezi kupita nyuzi 100 kwa sababu maji yanachemka na kulipokonya. Ndiyo maana samaki anaweza kuwa wa kahawia nje na mweupe ndani. Kwa hiyo kukaanga, kuchemsha, kuchoma, kwa mnofu wa ndani ni karibu kitu kimoja.

Na hata ungeupitisha huo mpaka, hii molekuli imejengwa kama ngazi: pete 13 zimeshikana ubavu kwa ubavu, kila pete ina oksijeni yake, na kiungo kati yao ni kile kigumu cha kaboni na oksijeni. Joto la jikoni halikivunji. Linganisha na ute wa yai: ule ni protini, uzi mrefu uliokunjwakunjwa. Ukiupasha mikunjo inafumuka, unaganda, na kazi yake imekwisha. Sumu ya botulini ni protini pia, ndiyo maana ukiichemsha vizuri inaharibika. Hiyo ndiyo inayowadanganya watu. Wanaona moja imeshindwa na moto wanadhani zote zitashindwa. Ngazi haina mikunjo ya kufumua.

Ukitaka kuimaliza sumu hii kwa moto, mchome samaki mpaka awe majivu. Halafu utakula nini?

#12 Fundi_Mkaa
Mkaa 😂 nauza bei poa

#13 BintiUjiji
Na limau? Shangazi yangu wa Tanga anasema samaki ukimkamulia ndimu na chumvi "anaiva" hata bila moto.

#14 MwalimuKasulu
Ndimu inafumua mikunjo ya protini, ndiyo maana mnofu unageuka mweupe. Ngazi yetu inastahimili asidi pia. Ndimu, siki, chumvi, kukausha, kubanika kwa moshi, kugandisha, vyote havifiki popote. Tena kumbuka jambo moja: samaki akipikwa anapoteza maji lakini sumu inabaki. Gramu 400 za nyama mbichi zikipikwa zikabaki 300, sumu ni ileile imekaa kwenye nyama kidogo zaidi. Kipande kwa kipande, aliyepikwa ana sumu nyingi kuliko mbichi.

#15 Baharia_Mstaafu
Wakuu, nimesoma uzi wote. Nimetembea bahari hiyo miaka 19, nami iliwahi kunipata, siyo kwa chewa, kwa mzia. Niongeze upande wa bahari maana mwalimu amekaa sana jikoni.

Samaki haitengenezi hii sumu. Kuna kiumbe kidogo sana, chembe moja tu, kinaishi kimejibandika kwenye mwani na kwenye matumbawe yaliyokufa. Wanasayansi wanakiita Gambierdiscus, kwa jina la visiwa vya Gambier kule Polinesia kilikopatikana miaka ya 1970. Kangaja na wenzake wanaokwangua mwani wanakimeza. Chewa anamla kangaja, mmoja leo, mwingine kesho, miaka. Sumu inabaki mafutani na kwenye nyama, haitoki upesi. Samaki mwenyewe haumwi. Ananona, anang'aa, macho maangavu, hana harufu. Kwa hiyo #3, hata ukimweka kwenye barafu sekunde anayotoka majini, sumu alikuja nayo.

Mabaharia wana vipimo vyao. Kuna wanaoangalia kama nzi wanatua, wengine wanaweka sarafu ya fedha waone kama itakuwa nyeusi. Vyote upuuzi. Mimi mzia wangu nzi walitua vizuri sana.

#16 Mzee_wa_Gombe
Na paka? Sisi zamani uyoga tusioujua tulikuwa tunampa mbwa kwanza.

#17 Baharia_Mstaafu
Mzee, paka kweli anadhurika, hata maabara zamani walimtumia. Tatizo paka anatapika haraka akabaki mzima, nawe ukajua samaki salama. Na anakula kipande kidogo, wewe unakula kilo.

#18 Barafu_Kwanza
Nimekubali kwa huyu chewa siyo histamini. Lakini kiasi gani hicho cha sumu kinachomfanya mtu aungue wiki tatu? Samaki mmoja atabeba kiasi gani?

#19 MwalimuKasulu
Kidogo mno, hapo ndipo penye kutisha. Kwa sumu ya aina ya Pasifiki, samaki mwenye mikrogramu 0.1 kwa kila kilo ya nyama tayari anaweza kumfanya mtu augue. Wamarekani wameweka kikomo chao chini ya hapo mara kumi, 0.01. Piga hesabu: sahani ya gramu 400 kwenye kiwango cha 0.1 ina mikrogramu 0.04. Punje moja ya chumvi ya mezani ni kama mikrogramu 60. Kwa hiyo ukigawa punje moja ya chumvi vipande 1,500, kipande kimoja ndicho kinachokulaza.

Wajapani walipotaka kuijua sura ya molekuli hii walikusanya mikunga kilo 4,000 hivi. Waliposafisha mpaka mwisho wakapata miligramu 0.35. Tani nne za samaki! Umbo lake likatangazwa mwaka 1989.

#20 MamaDagaa_Kibirizi
Samahani wapendwa, naomba kuuliza kabla sijafunga biashara. Nauza dagaa Kibirizi. Je, dagaa zangu nazo zina hii kitu? Mteja mmoja kasoma hapa akarudisha kilo mbili!!

#21 Baharia_Mstaafu
Mama, hapana. Hicho kiumbe ni cha maji ya chumvi, miamba ya bahari yenye joto. Ziwa Tanganyika halina matumbawe wala hicho kiumbe. Mteja wako arudishiwe dagaa zake.

#22 BintiUjiji
Mteja alikuwa anatafuta sababu tu, bei ya dagaa imepanda 😂

#23 MamaDagaa_Kibirizi
Nami nilihisi. Asanteni.

#24 MgebukaMkavu
Asante mwalimu, bibi nimemsomea #9, kasema "huyo mtoto kafundishwa". Sasa nina swali la ndani zaidi. Nimemuuliza kaka nani alikula nini. Yeye alikula kichwa. Mwenzake aliyekula ini ndiye alilazwa siku nyingi, moyo ulikuwa unapiga polepole sana. Wanne walikula mnofu, wana nafuu. Lakini mmoja kati ya hao wanne, mpishi, anaapa hakula nyama. Alikula ugali na mchuzi tu. Naye kaumwa. Kama sumu haiyeyuki majini, iliingiaje kwenye mchuzi?

#25 MwalimuKasulu
Tui la nazi! Tui ni mafuta. Sumu inapenda mafuta, samaki alichemka muda mrefu, mafuta yake yakatoka, yakachanganyika na tui, sumu ikahamia humo. Mchuzi mtupu wa maji ungekuwa na kidogo, wa nazi una zaidi. Ndivyo ninavyoona.

#26 Baharia_Mstaafu
Mwalimu, wewe hujawahi kupika melini. Mpishi gani anakaa na sufuria muda wote huo bila kuonja? Ameonja vipande vinne vitano, ila vya kuonja havihesabiki. Na ini: ndani ya mkunga ini hubeba mara nyingi kuliko nyama, chewa naye vivyo hivyo. Wakapika ini pamoja, mchuzi wote ukanuka ini. Usisingizie nazi.

#27 MwalimuKasulu
Ini nalo ni mafuta, kwa hiyo tunasema kitu kimoja.

#28 Baharia_Mstaafu
Hatusemi kitu kimoja. Mimi nasema kaonja nyama.

#29 BintiUjiji
Mpigieni mpishi simu mumalize.

#30 NesiWaZamu
Nirudi kwa mgonjwa. MgebukaMkavu, kuna dripu ya manitoli, inatibu hii. Ilitolewa kule Visiwa vya Marshall, watu wakaamka siku hiyo hiyo. Mwulizeni daktari.

#31 Tabibu_Mkimya
Nesi, taarifa ya Marshall ni ya mwaka 1988, na ndiyo iliyoipa manitoli sifa. Lakini wagonjwa wale hawakulinganishwa na kundi lolote. Mwaka 2002 kukatolewa jaribio la Rarotonga ambapo mgonjwa wala daktari hakujua nani anapata manitoli na nani maji ya chumvi ya kawaida. Matokeo hayakutofautiana. Wapo wanaosema inasaidia ikitolewa mapema, saa za mwanzo. Kwa wiki ya tatu sitarajii kitu.

Kinachotokea ni hiki: neva zina milango midogo inayoingiza sodiamu ili ujumbe upite. Sumu hii inaishikilia ikae wazi wakati inatakiwa kufungwa. Neva inapiga kelele bila sababu, na ujumbe wa baridi unafika ubongoni kama maumivu ya kuungua. Hakuna dawa ya kuiondoa pale, mwili unajisafisha wenyewe, kwa wengine wiki, kwa wengine miezi. Vifo ni vichache sana. Tunatibu dalili: maji mwilini, moyo ukienda polepole, kuwashwa na maumivu. Je, anakunywa pombe?

#32 MgebukaMkavu
Daktari umejuaje? Jumamosi alipata bia mbili hapa Mwanga, usiku mzima anajikuna na midomo ikarudi kuchonyota. Mama ndipo alipothibitisha kwamba ni uchawi, maana alikuwa ameanza kupona.

#33 Tabibu_Mkimya
Ni pombe. Inarudisha dalili, inajulikana. Karanga nazo kwa baadhi ya watu, na samaki wa aina yoyote, hata wasio na sumu. Aache vyote miezi michache, mgebuka ukiwemo.

#34 MlaMgebuka
Kumkataza mtu wa Kigoma mgebuka na bia kwa pamoja, daktari huo nao ni ugonjwa mwingine.

#35 Msomaji_Kazuramimba
Hili jambo ni la kale. Kapteni Kuku wa Uingereza mwaka 1774 mabaharia wake walikula samaki huko visiwa vinavyoitwa leo Vanuatu wakaugua hivi hivi, na wanyama wa melini waliokula mabaki wakaugua. Jina lenyewe lilitoka Kuba, kwa konokono wa baharini anayeitwa sigwa.

#36 BintiUjiji
Kapteni Kuku 😂😂😂 aliliwa na nani?

#37 Msomaji_Kazuramimba
Cook. Simu imenisahihishia. Mniache.

#38 Fundi_Mkaa
Swali langu la mwisho. Kwa nini mwamba ule uwe na sumu na mwingine usiwe nayo? Nimesikia ni meli za kivita zilizozama, shaba inaingia kwenye matumbawe.

#39 Baharia_Mstaafu
Ya shaba ni imani ya zamani, iache. Ila kwa nini mwamba huu na siyo ule, wavuvi wa Reunion na Morisi wanabishana mpaka leo. Wengi wanasema matumbawe yakifa, kwa kimbunga au kwa maji kupata joto kama mwaka 1998, mwani unaota juu yake na kile kiumbe kinapata makao. Wengine wanaonyesha miamba iliyokufa miaka na samaki wake salama. Wengine wanalaumu uchimbaji wa bandari. Mimi nimeona miamba miwili, umbali wa saa moja kwa boti, mmoja tunakula, mmoja hatugusi. Na ukubwa wa samaki siyo kipimo cha kutegemea, chewa mdogo naye amewahi kulaza watu.

#40 Barafu_Kwanza
Na kule Pemba, Panza, Machi 2024, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa. Siyo hii?

#41 Tabibu_Mkimya
Hapana. Wale walikula kasa. Ni sumu nyingine, nayo haiondoki kwa kupika, lakini ile inaua. Msizichanganye.

#42 MgebukaMkavu
Wakuu, nimempata mpishi. Yuko Mombasa, naye anaungua na maji ya bomba. Nimemuuliza kama alionja.

#43 Baharia_Mstaafu
Enhe?

#44 MgebukaMkavu
Anasema alionja "chumvi tu".

#45 MwalimuKasulu
Chumvi ya kwenye mchuzi. Nazi!

#46 Baharia_Mstaafu
Chumvi ya kwenye nyama. Muulize alionja kwa kijiko au kwa vidole.